Fonti Saba na Onyo Moja Lililopotea

Karuseli ninayoizungumzia hapa ina slaidi 10. Ndani yake nimehesabu fonti 7 na rangi 11, na hapo sijagusa nembo za wafadhili zilizopangwa chini ya kila slaidi kama vifuniko vya soda. Imetengenezwa na kikundi cha vijana wa hapa Kisumu ambacho sitakitaja, kwa sababu ugonjwa huu si wao peke yao walio nao, na kwa sababu walichotaka kusema ni kweli na kina uzito. Hilo ndilo linaloniudhi. Kama wangekuwa wanauza viatu vya mitumba ningecheka, nikaskroli, maisha yaendelee. Lakini wao walikuwa wanawaambia watu wa ufuoni jambo ambalo mtu akilielewa kinyume anaweza kumnywesha mtoto sumu.

Jambo lenyewe ni hili. Ghuba la Winam, hili tunaloliona kutoka Dunga, halina kina kirefu, na maji yake hayabadilishani haraka na ya ziwa kuu. Mbolea inayooshwa mashambani inateremka na mito kama Nyando, maji taka ya mji nayo yanaingia. Ziwa likishiba hivyo na jua likawaka, mwani unazaana mpaka maji yanakuwa kijani kizito, kama mtu amemwaga rangi ya nyumba. Baadhi ya mwani huo, ambao kwa kweli ni aina ya bakteria, hutoa sumu inayoitwa maikrosistini, na sumu hiyo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo cha maikrogramu 1 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa macho huwezi kujua mwani upi una sumu na upi hauna, kwa hiyo ushauri ni kuyaacha maji ya kijani yote.

Sasa hapa ndipo pagumu. Moto hauondoi sumu hii. Ukiyachemsha maji yenye mwani, chembe zake hupasuka na sumu iliyokuwa imefungwa ndani inatoka na kuyeyuka kwenye maji. Yaani sufuria yako inaweza kuwa mbaya zaidi baada ya kuchemka kuliko kabla. Na hao watu unaotaka kuwaambia hivyo wamesikia kwa miaka na miaka, redioni, kliniki, shuleni, kila kipindupindu kinapotajwa, kwamba dawa ya maji mabaya ni kuyachemsha. Ushauri ule ulikuwa sahihi na bado ni sahihi kwa kipindupindu. Karuseli ilikuwa na kazi moja: kuingiza "lakini" ndogo kwenye jambo ambalo kila mtu analijua. Hiyo ni kazi ya sindano. Wao wamekuja na jembe, tena la kupakwa rangi.

Twende slaidi ya 7, maana onyo lenyewe limezikwa huko, baada ya slaidi sita za historia ya kikundi, maana ya mazingira na picha za kupanda miti. Sentensi yao ni "Kuchemsha maji hakuondoi sumu ya mwani." Sentensi nzuri, haina kosa. Lakini iangalie ilivyopangwa. "KUCHEMSHA MAJI" imeandikwa kwa herufi kubwa nene, nyekundu, ukubwa wa kama pikseli 90. "Hakuondoi sumu ya mwani" imeshushwa chini yake kwa fonti ya mwandiko, ile ya kadi za harusi yenye mikia, ukubwa wa kama pikseli 28, rangi ya manjano juu ya weupe. Pembeni kuna mchoro wa sufuria inayofuka mvuke, na juu ya sufuria kuna alama ya tiki ya kijani, nadhani kwa sababu kiolezo kilikuja nayo na hakuna aliyeitoa.

Nilimwonyesha slaidi hiyo mama mmoja anayeuza omena karibu na kwetu. Nilimshikia simu kwa sekunde tatu, nikaigeuza, nikamuuliza, "Mama, hapa wamesema nini?"

"Wanasema tuchemshe maji," akajibu. "Si hata sisi tunajua, mwanangu. Mimi huchemsha."

Niliwauliza watu wengine wawili, mmoja bodaboda, mwingine binti wa chuo mwenye macho mazuri kuliko yangu. Jibu likawa lile lile. Watatu si utafiti, sawa, na sidai ni utafiti. Lakini ukimwonyesha mtu onyo na akatoka na kinyume cha onyo, na wa pili hivyo, na wa tatu hivyo, huhitaji mtu wa nne. Jaribio hili halina gharama. Sekunde tatu ni nyingi, manze. Kidole cha mtu anayeskroli hakikupi hata hizo.

Watu hudhani fonti na rangi ni nguo tu, kwamba ujumbe upo chini yake ukiwa mzima, na nguo mbaya hazimgeuzi mtu kuwa mwingine. Katika slaidi hii ujumbe umegeuka. Ukubwa na unene wa herufi ni sauti. Aliyeipanga ameipaza nusu ya kwanza ya sentensi na kunong'ona nusu ya pili, na nusu ya kwanza ikisimama peke yake ni amri ya kufanya kile kile sentensi inachokitahadharisha.

Na Kiswahili kina mtego wake hapa ambao violezo vya kigeni havikuuwazia. Kukanusha kwetu hakukai kwenye neno la peke yake ambalo unaweza kulikoleza wino au kulipaka nyekundu. Kumejificha ndani ya kitenzi, silabi moja mbele na irabu moja nyuma. Tofauti kati ya "kunaondoa" na "hakuondoi" ni herufi chache, na ukiziweka ndani ya mwandiko wenye mikia, ile "h" inafanana na "k" na ile "i" ya mwisho inamezwa na mkunjo wa herufi jirani. Kwa lugha yetu, onyo lolote linalotegemea "ha-" au "si-" lazima liandikwe kwa fonti ambayo kila herufi imesimama kwa miguu yake. Au bora zaidi, lisitegemee kukanusha kuliko katikati ya sentensi. Lianze na amri: usichote, usinywe, acha.

Vitenzi vyetu pia ni virefu. Slaidi ya 4 ina neno "yanayosababishwa", herufi 16, limewekwa kwa fonti pana mno kiasi kwamba halikuingia kwenye mstari, likakatwa: "yanayosaba" juu, "bishwa" chini, bila hata kistari. Fonti pana ya mabango inafaa neno la herufi tano. Ukiandika Kiswahili, chagua fonti nyembamba kiasi au punguza ukubwa, usimvunje mtu neno mdomoni.

Tuje kwenye rangi, na hapa naomba nisiwe wa "mimi naona haipendezi". Kuna kipimo. Wanaotengeneza kurasa za mtandaoni hupima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake, kuanzia 1, ambapo hakuna tofauti kabisa, hadi 21, ambayo ni nyeusi juu ya nyeupe. Kwa maandishi ya kawaida kiwango cha chini kinachokubalika ni 4.5, na kwa maandishi makubwa ni 3. Manjano ya kawaida ya Canva, ile ya namba #FFDE59, ukiiweka juu ya nyeupe unapata kama 1.3. Ndiyo, moja nukta tatu, na hiyo ndiyo manjano iliyobeba nusu ya sentensi iliyo muhimu kuliko zote. Chukua manjano hiyo hiyo, usiibadilishe hata kidogo, iweke juu ya buluu nzito kama #0B2545, na kipimo kinaruka hadi zaidi ya 11. Kwa hiyo manjano haina kosa lolote. Imekalishwa tu mahali ambapo haiwezi kuonekana.

Slaidi ya 5 ni mbaya kwa namna nyingine. Wameandika kwa nyekundu juu ya kijani, na kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza bila shaka iliwaka kama taa za Krismasi. Jicho linaona rangi mbili tofauti sana. Lakini nyekundu kali #FF0000 juu ya kijani #008000 ina tofauti ya mwanga ya 1.3 tu, sawa na ile manjano juu ya nyeupe. Kuna watu, wanaume kuliko wanawake, ambao hawatofautishi rangi hizi mbili vizuri tangu kuzaliwa. Kwao slaidi hiyo ni bango la rangi moja. Na sisi wengine tunaipoteza pale inapoingia WhatsApp, ambako ndiko inakoishia. Kule ufuoni hakuna anayefuata ukurasa wa kikundi. Kuna mpwa anayepiga picha ya skrini na kuituma kwenye grupu la familia. Picha inapobanwa ili iwe nyepesi, mbinu inayotumika huhifadhi mwanga kwa undani na kutupa sehemu kubwa ya habari za rangi, kwa sababu jicho la mtu hugundua upungufu wa mwanga haraka kuliko upungufu wa rangi. Maana yake, maandishi yanayotofautiana na mandhari kwa mwanga yanavuka salama. Yanayotofautiana kwa rangi peke yake yanafika yamevuja kingo kama shati jekundu lililofuliwa na meupe.

Kupima ni rahisi. Geuza skrini ya simu iwe ya kijivu. Simu nyingi zina uwezo huo kwenye mipangilio. Kisha pitia slaidi zako. Kinachosomeka kwenye kijivu kitasomeka juani, kitasomeka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kitasomeka baada ya kutumwa mara tano. Nilipoigeuza slaidi ya 5 ikabaki mstatili wa kijivu, kimya kabisa.

Ukubwa nao. Slaidi ya kusimama ya Instagram huandaliwa kwa upana wa pikseli 1080. Simu ya kawaida ina kioo cha upana wa kama milimita 68, kwa hiyo pikseli 16 hivi ndizo milimita moja. Herufi za pikseli 28 zinakuwa na urefu wa chini ya milimita 2 ukihesabu na mikia yake, na mwili wa herufi yenyewe, ile "a" au "o", haufiki hata milimita moja. Kwenye kompyuta ya ofisini ilionekana vizuri sana. Mama wa omena hana kompyuta ya ofisini. Pikseli 48 ndiyo sakafu yangu kwa kitu ambacho mtu lazima akisome.

Halafu kuna suala la rangi kusema uongo. Kwenye karuseli hii, nyekundu ya slaidi ya 3 ni hatari, nyekundu ya slaidi ya 6 ni namba ya simu ya kikundi, na nyekundu ya slaidi ya 7 ni "KUCHEMSHA MAJI". Msomaji hafundishwi maana ya nyekundu, anafundishwa kuipuuza. Lakini kijani ndicho kilichonichosha. Kichwa ni kijani, tiki ni kijani, majani ya urembo ni kijani, kwa sababu ati mazingira ni kijani. Sawa, ila hapa tunazungumzia maji ambayo ukijani wake ndio sumu! Katika mada hii moja, kijani ni rangi ya hatari, na wao wameipa kazi ya kusema "safi, salama, endelea". Kungekuwa na picha moja ya maji ya kijani, bila kijani kingine popote, mtu angeielewa kabla ya kusoma. Badala yake wameweka picha ya gugu maji, ambalo ni mmea wa majani na maua, kitu kingine kabisa.

Najua utetezi, nimeusikia mara nyingi kwa wateja wanaonilipa niwaandikie maneno ya karuseli: vijana wanapenda rangi, lazima ivutie, hebu angalia matatu. Haya, tuangalie matatu. Nganya ina uso wa mwanamuziki, maandishi ya moto, taa za zambarau, fonti ambazo hata hazina jina. Inavutia, nakubali. Lakini tangu sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu inatakiwa kuwa na ule mstari wa manjano, na inakoenda ionekane wazi. Ukiwa unaenda Kondele husomi kiongozi wa dini aliyechorwa kwenye buti. Unatafuta neno "Kondele", herufi za kawaida, mahali pale pale unapolitarajia. Kelele zote zile zimeachiwa nafasi ya kupiga kelele, na ujumbe umepewa sehemu tulivu ambayo hairuhusiwi kuguswa. Kwa hiyo matatu haimtetei mtu aliyepaka grafiti juu ya jina la kituo. Inamshtaki.

Pia najua jinsi karuseli hizi zinavyozaliwa. Watu watano wanagawana slaidi mbilimbili, kila mmoja anafungua kiolezo chake cha bure, kila mmoja anapenda fonti yake, na saa nne usiku mtu mmoja anazibandika pamoja na kuposti. Fonti 7 ni alama za vidole za watu ambao hawakukaa pamoja. Mfadhili naye anadai nembo yake ionekane, na hakuna anayethubutu kumwambia kwamba nembo sita chini ya kila slaidi zimekula sehemu ambayo ingetosha kuandika onyo kwa herufi kubwa. Hakuna hata mmoja aliyeamua kitu kibaya. Ni kwamba hakuna aliyeamua.

Uamuzi wenyewe ni mdogo. Ningeipewa kesho, ningefanya hivi. Fonti moja isiyo na mikia, kwa uzito wa aina mbili, wa kawaida na mnene. Buluu nzito kwa mandhari, nyeupe kwa maandishi, ambayo kipimo chake ni zaidi ya 15, na manjano kwa jambo moja tu: kile ambacho mtu anatakiwa kufanya. Ningetengeneza slaidi moja, niimalize, kisha niinakili, ili zote zifanane hata kama zinajazwa na watu watano. Nembo zingekaa slaidi ya mwisho, zote, kwa ukubwa sawa.

Kisha slaidi 4 badala ya 10. Ya kwanza ni picha ya maji ya kijani na maneno matatu: "Yakiwa kijani, usichote." Ya pili: "Moto unaua vijidudu vya kipindupindu. Sumu ya mwani inabaki." Ya tatu: "Chota penye bomba, kisima au maji ya mvua. Kisha ndipo uchemshe." Ya nne ni nani wa kupigia simu, na nembo. Zingatia kwamba kila moja inaweza kupigwa picha ya skrini na kutumwa peke yake bila kudanganya mtu. Ile slaidi yao ya 7 haiwezi kusafiri peke yake hata hatua moja. Na zingatia ya tatu: hatumwambii mtu aache kuchemsha, maana kisima kifupi cha Nyalenda bila moto ni kipindupindu kingine. Tunambadilishia mpangilio, chanzo kwanza, moto baadaye. Mpangilio huo wa maneno ndio ujumbe wote, na mpangilio wa slaidi unatakiwa kuufuata.

Kuna mipaka, sikatai. Hata karuseli safi haifiki kwa asiye na simu, na haimpi bomba asiye na bomba. Familia iliyo ufuoni isiyo na chanzo kingine cha maji haisaidiwi na fonti. Hiyo ni hesabu ya kaunti, ya mabomba na pesa. Lakini usitumie hesabu hiyo kama kisingizio cha kazi mbovu. Mwenye chaguo la pili anastahili kujua kwamba analihitaji, na mwenye kujua hivyo anaweza kumdai mbunge wake wa bunge la kaunti kwa sababu sahihi.

Kikundi hicho kinaweza kuifuta karuseli leo na kuiposti upya kesho. Kazi yote ni jioni moja. Kabla ya kuiposti, wampelekee mama wa omena, wamshikie simu sekunde tatu, waigeuze. Akisema "tusichote maji ya kijani", waachilie. Akisema "tuchemshe", warudi mezani, hata kama mfadhili anasubiri.